Maji Vuguvugu, Breka Chini

Julai, Dodoma hupiga baridi ambayo watumishi waliohamia na wizara hawakuitegemea. Usiku upepo unapita juu ya mapaa, na alfajiri maji yaliyolala kwenye simtanki yanatoka bombani na nyuzi joto 20 au pungufu. Ni msimu ambao hita ya umeme iliyosahaulika tangu mvua za masika inarudi kuwa kitu cha lazima. Ni msimu pia ambao simu za mafundi umeme huita tangu asubuhi na mapema.

Nyumba moja ya vyumba vitatu mjini humo inafaa kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu hita yake ilipitia magonjwa mawili yanayosumbua watu wengi, tena kwa mpangilio wake wa kawaida. Ni hita ya tangi, lita 50, wati 1500, iliyotundikwa ukutani bafuni kwa mwaka wa tano. Kwanza ilianza kutoa maji ya vuguvugu. Baba wa nyumba alimwita kijana wa jirani, akafungua kifuniko cha chini, akazungusha kidude cha themostati hadi mwisho. Maji yakapata moto kidogo kwa siku chache, kisha yakarudi kule kule. Baadaye kidogo, mama alipowasha swichi ya hita asubuhi, nyumba nzima ikaingia giza. Akapandisha breka, ikakata tena. Kijana akarudi, akafungua, akakata waya mmoja wa rangi ya kijani na njano, akafunika. Umeme ukatulia. Siku ya tatu mtoto wa darasa la nne akatoka bafuni akisema bomba linamuuma.

Hapo ndipo ilipoitwa mikono mingine, fundi mtu mzima mwenye leseni ya EWURA. Kabla hata hajagusa bisibisi aliuliza swali moja: "Mama, iliyokuwa inakata ni breka ipi?"

Swali hilo ni nusu ya kazi. Ndani ya boksi la breka la nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni kuna aina mbili za ulinzi, na kila moja inakata kwa sababu yake. Zipo breka nyembamba zilizopangwa mstari, kila moja ikilinda sehemu yake: taa, soketi, jiko, hita. Hizi hukata mkondo unapokuwa mkubwa kupita kiasi. Kando yake ipo moja pana, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T na maandishi 30mA au 0.03A usoni. Hii haijali ukubwa wa matumizi. Inalinganisha umeme unaotoka kwenda nyumbani kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa waya wa nyutro. Viwili hivyo vikitofautiana, maana yake umeme fulani umepata njia nyingine ya kurudi: kupitia bati, ukuta, maji, au mwili wa mtu. Tofauti ikifika miliampea 30, mara nyingi hata kabla ya hapo, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tuiite breka ya mvujo.

Sasa hesabu ya hita. Wati 1500 kwa volti 230 ni ampea 6 na nusu. Breka nyembamba ya hita kwa kawaida ni ya ampea 20. Hita nzima ikifanya kazi kwa nguvu zake zote haifiki hata nusu ya kiwango hicho, kwa hiyo hadithi kwamba hita "inavuta umeme mwingi mpaka breka inakata" haishiki kwa hita ya namna hii. Breka nyembamba ikikata, kuna laivu na nyutro zilizogusana moja kwa moja, au kuna skrubu iliyolegea kwenye breka yenyewe, mahali pa kuunganisha pakachemka hadi breka ikadanganyika na lile joto. La pili hujitambulisha kwa plastiki iliyobadilika rangi na harufu ya kuungua kwenye boksi, na breka hukata baada ya dakika kadhaa, si papo hapo.

Mama alionyesha kidole kwenye ile pana. Kwa hiyo kulikuwa na mvujo, na chumba cha kwanza cha kutafuta mvujo wa hita ni koili.

Wengi wakisikia koili hufikiria waya unaowaka mwekundu kama wa jiko la umeme la zamani. Ya hita ni tofauti. Waya mwembamba wa nikeli na kromi umepita katikati ya bomba jembamba la shaba au la chuma kisichoshika kutu, na nafasi iliyobaki kati ya waya na bomba imeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo una sifa mbili zinazopatikana kwa nadra pamoja: unapitisha joto vizuri, lakini unazuia umeme. Waya unapata moto, unga unapeleka joto kwenye bomba, bomba linapeleka kwenye maji, na umeme unabaki ndani. Adui wa unga huo ni unyevu. Bomba likipata ufa hata mdogo usioonekana kwa macho, maji yanaingia, unga unalowa, na umeme unapata njia ya kutoka kuelekea kwenye maji na tangi.

Unyevu unaweza kuingia hata bila ufa. Nyumba iliyofungwa miezi mingi hita ikiwa imezimwa inaweza kuwa na koili iliyovuta unyevu wa hewa kupitia ncha zake, pale nyaya zinapofungwa. Koili kama hiyo hukata breka mara ya kwanza, na fundi anaweza kuitoa na kuikausha ikapona. Lakini hita ya Dodoma haikuwa imelala. Ilikuwa ikitumika, na ilikuwa imeanza kwa maji ya vuguvugu. Ili kuelewa uhusiano wa mambo hayo mawili ni lazima kwenda kwenye maji yenyewe.

Kwa miaka mingi Dodoma imekunywa maji ya visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Wenyeji wanayajua maji yao: sabuni haitoi povu upesi, na birika la chai linapata ukoko mweupe ndani. Ni maji magumu, yaani yamebeba chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Chokaa hiyo ina tabia ya kinyume na sukari au chumvi ya mezani. Maji yakipata moto, haizidi kuyeyuka, bali inajitenga na kuganda. Inaganda hasa pale penye moto mkali kuliko pote, na ndani ya hita pahali hapo ni juu ya koili.

Miezi ya mwanzo ni utando mwembamba tu. Kadiri muda unavyokwenda unakuwa gamba, gamba linapasuka na kuanguka chini ya tangi, jingine linaota. Masikio hutambua kabla ya macho: hita inaanza kuvuma na kutoa milio midogo ya kupasuka wakati inapasha, kwa sababu maji yaliyonaswa chini ya gamba yanachemka peke yake. Gamba ni kizuizi cha joto. Koili inaendelea kuzalisha wati zile zile 1500, lakini joto linachelewa kutoka, na bomba la koili linaishi kwenye joto kali kuliko lile lililokusudiwa. Linatanuka, linasinyaa, linatanuka tena. Siku moja linapata ufa. Hivyo ndivyo ukoko unavyozaa mvujo.

Na vuguvugu? Hapa inaingia themostati. Katika hita nyingi za ukutani ni fimbo nyembamba iliyochomekwa ndani ya mrija uliozibwa, na mrija huo umesimama ndani ya maji sentimita chache tu kutoka kwenye koili. Fimbo inahisi joto. Maji yakifika kiwango kilichowekwa, tuseme nyuzi 60, inafungua swichi yake ndogo na koili inapumzika. Mpango huu ni mzuri maadamu kati ya koili na mrija kuna maji. Ukoko ukijaa hadi vikashikana, fimbo haipimi tena joto la maji. Inapima joto la koili kupitia gamba. Inakata mapema, huku maji ya juu ya tangi yakiwa nyuzi 35 au 40. Taa ya hita inazima kana kwamba kazi imekwisha.

Kijana wa jirani alipozungusha themostati hadi mwisho aliisogeza mbele ile saa ya kukata, na maji yakapata moto kidogo. Lakini pia aliiacha koili ikae muda mrefu zaidi katika joto lililokuwa tayari limezidi, na kadiri maji yanavyopashwa zaidi ndivyo chokaa inavyoganda kwa kasi. Aliharakisha ufa aliokuja kuukuta baadaye.

Vuguvugu si ukoko kila mara, na mwenye nyumba anaweza kutenganisha sababu kubwa bila kufungua skrubu hata moja. Anachohitaji ni mita ya LUKU. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 2.3 hivi, na koili ya wati 1500 hufanya kazi hiyo kwa saa moja na nusu. Basi jioni moja azime kila kitu ndani ya nyumba, friji ikiwemo, abakize hita peke yake yenye maji baridi, asome uniti zilizobaki, kisha asome tena baada ya dakika 20. Koili nzima itakuwa imekula nusu uniti.

Zisipopungua kabisa ilhali swichi ya ukutani inawaka, umeme haufiki kwenye koili au koili imekatika ndani. Zikipungua ipasavyo kwa dakika 20 au 30 halafu zikasimama, na maji bado ni ya vuguvugu, themostati inakata mapema: ama imechoka, ama imezungukwa na ukoko. Zikipungua kwa saa moja na nusu kamili na maji ya bomba yakawa moto wa kutosha, lakini watu wa mwisho kuoga wanalalamika, hita haina ugonjwa. Ni ndogo kuliko familia.

Hilo la mwisho linastahili kufafanuliwa, maana themostati nyingi nzima hubadilishwa kwa sababu yake. Mtu huoga maji ya nyuzi 40 hivi. Kuyapata anachanganya nusu ya maji ya nyuzi 60 na nusu ya maji baridi ya nyuzi 20, kwa hiyo tangi la lita 50 linaweza kutoa karibu lita 100 za kuogea, na kwa kweli ni pungufu, kwa kuwa maji baridi yanayoingia chini huchanganyika na ya juu. Bafu la mvua linalomwaga lita 8 kwa dakika humaliza hazina hiyo ndani ya dakika kumi na kidogo. Wakati huo koili inajitahidi kuongeza maji mapya ya kuogea kwa kasi ya lita moja tu kwa dakika. Watu wanne wakifuatana, wa nne ataoga vuguvugu hata kama hita ilitoka dukani jana.

Jambo jingine lisilo kosa la hita ni umeme mdogo. Kwenye ncha za laini, saa moja jioni, volti zinaweza kushuka. Nguvu ya koili haishuki sambamba na volti, bali hushuka kwa kasi zaidi: kwa volti 190 koili ya wati 1500 hubaki na wati elfu moja na kidogo, na ile saa moja na nusu inakuwa zaidi ya saa mbili. Ikiwa hita inachelewa jioni lakini alfajiri inafanya vizuri, sababu iko barabarani.

Turudi kwa fundi na breka yake. Kabla ya yote alirudisha waya wa ethi mahali pake. Breka ya mvujo ikakata mara moja, na alisema ndivyo alivyotaka. Kisha akafanya jambo lililomshangaza baba wa nyumba: alishusha breka nyembamba ya hita, akapandisha ile pana. Ikakaa sekunde chache. Friji ilipoanza kuunguruma, ikakata tena, hita ikiwa imezimwa!

Wengi hufika hapa wakahitimisha kwamba tatizo ni friji, na fedha zikaenda kusikohusika. Breka nyembamba za kawaida hukata waya mmoja tu, laivu. Nyutro ya hita inabaki imeunganishwa na nyutro ya nyumba nzima. Koili yenye ufa inaigusisha nyutro hiyo na ethi ndani ya maji, hivyo sehemu ya umeme unaorudi kutoka kwenye friji au pasi inapita njia ya mkato kupitia tangi la hita, na breka ya mvujo inaona upungufu. Njia ya kuthibitisha ni ile swichi ya hita iliyo nje ya bafu, yenye taa nyekundu, ambayo ikifungwa inavyotakiwa hukata nyaya zote mbili kwa pamoja. Fundi aliizima, akapandisha breka zote, friji ikawaka, pasi ikawaka, giza halikurudi. Kosa lilikuwa limezingirwa kati ya swichi ile na tangi. Mwenye nyumba anaweza kufanya jaribio hili mwenyewe salama, kwa kuwa ni la kubonyeza swichi tu; kuanzia hapo kwenda mbele ni kazi ya fundi.

Alizima swichi na breka, akahakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme ndani ya kifuniko cha hita, akachomoa nyaya mbili za koili. Mita yake ilisoma omu 35 kati ya ncha mbili za koili. Hiyo ni namba sahihi kwa wati 1500: volti 230 zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe na kugawanywa kwa 1500. Koili iliyokatika ingeonyesha hakuna njia kabisa. Kwa hiyo waya wa ndani ulikuwa mzima, na ndiyo maana hita iliendelea kupasha maji hata ilipokuwa ikivuja. Kupasha maji si ushahidi wa usalama.

Halafu akapima kutoka ncha ya koili hadi kwenye chuma cha tangi. Mita ya kawaida, inayotumia betri ndogo, mara nyingi haionyeshi chochote cha kutisha mvujo unapokuwa mdogo. Fundi asiye na kifaa kingine anaweza kusema koili ni nzima. Huyu alitoa mega, chombo kinachosukuma volti 500 na kupima kama kizuizi kinahimili. Koili nzima inapaswa kuonyesha omu milioni moja au zaidi. Hii ilionyesha karibu sifuri. Breka ya mvujo inaanza kuwa tayari kukata pale kizuizi kinaposhuka hadi karibu omu 15,000 kwa volti 230, kwa hiyo haikuwa inasumbua bila sababu. Ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Na waya uliokatwa? Hapa hakuna nafasi ya upole. Waya wa ethi wa hita ndio unaobeba umeme unaovuja na kuupeleka ardhini ili breka ya mvujo iuone. Ukiukata, mvujo haukomi. Unakosa tu pa kwenda. Bati la tangi, mabomba ya chuma na maji yenyewe vinabaki na umeme, vikimsubiri mtu mwenye miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa awe njia. Mabomba ya plastiki hayaondoi hatari, kwa kuwa maji yanapitisha umeme, na yenye chumvi nyingi kama ya visima yanapitisha vizuri zaidi. Mtoto aliyesema bomba linamuuma alikuwa anapitisha sehemu ya mvujo huo mwilini mwake. Miliampea 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Zipo nyumba za zamani zisizo na breka ya mvujo kabisa, na wenyewe hujiona na bahati kwa kuwa hita zao "hazikati". Tuseme nyumba hiyo ina ethi rodi iliyopigwa uani, na udongo ni mkavu kama wa Dodoma wakati wa kiangazi, kizuizi chake kikawa omu 100. Koili ikivunjika kabisa na laivu ikagusa tangi, umeme unaokwenda ardhini ni ampea 2.3 tu. Breka nyembamba ya ampea 20 haitajua kitu. Tangi litabaki na umeme siku nzima, na dalili pekee itakuwa uniti za LUKU zinazokwisha haraka kuliko kawaida, au kupigwa shoti bafuni. Kwa nyumba kama hizo, kufungiwa breka ya mvujo ya miliampea 30 kunakuja kabla ya kununua hita mpya. Kitufe cha T kipo ili kibonyezwe mara moja kila miezi michache: kikibonyezwa na breka isikate, breka hiyo imekufa.

Fundi alifunga bomba la kuingiza maji, akafungua bomba la maji moto ili hewa ipite, akamwaga tangi kupitia vali ya usalama. Akalegeza boliti za flanji ya chini. Kilichotoka kilijaza zaidi ya nusu ya ndoo ndogo: vipande vyeupe na vya kahawia, vingine vipana kama vigae vya yai, na matope. Koili ilikuwa imevaa gamba lililoshikana na mrija wa themostati, viwili hivyo vikawa kitu kimoja. Kwenye pindo la koili, chini ya gamba, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba wa ufa.

Koili yenye gamba tu inaweza kulowekwa kwenye siki usiku kucha ikarudi kazini. Yenye ufa haitengenezeki, hata kama baada ya kukaushwa juani mega itaonyesha namba nzuri. Ikirudi majini itavuja tena. Inanunuliwa nyingine yenye wati zile zile, flanji ya kipimo kile kile na gasketi mpya. Kuweka ya wati zaidi ili maji yapate moto upesi ni kosa ikiwa waya wa ukutani, swichi na themostati havikupimwa kwa mzigo huo.

Themostati ya zamani fundi aliichemshia maji kwenye sufuria. Alichomeka fimbo, akaunganisha mita, akaweka kipimajoto pembeni. Ilifungua kwenye nyuzi 62, ikafunga tena maji yalipopoa. Nzima. Alikuwa radhi kuirudisha, baba wa nyumba akataka mpya, na wote wawili walikuwa na sababu: kifaa hicho ni cha bei ndogo kikilinganishwa na kufungua tangi mara ya pili.

Themostati nayo hufa kwa njia mbili, na ya pili ni mbaya kuliko vuguvugu. Vipande vyake vya kugusana vinaweza kuungana kwa cheche za miaka, visifunguke tena. Maji yanapita nyuzi 60, 70, 80. Hapo inaingia kinga nyingine, kitufe kidogo chekundu kando ya themostati, kinachoruka na kukata umeme wote wa koili, na hakirudi mpaka kibonyezwe kwa mkono. Dalili yake ni hita iliyotoa maji ya kuunguza jana, na leo imekuwa baridi kabisa bila breka yoyote kukata. Kukibonyeza mara moja ni sawa. Kikiruka tena, themostati ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mafundi wanaokiruka kwa kipande cha waya wanaliacha tangi lililofungwa likitegemea kitu kimoja tu kisilipuke, yaani vali ya usalama, ambayo kwenye maji ya chokaa huziba kama kila kitu kingine.

Vali hiyo huleta wasiwasi usio na msingi pia. Lita 50 zikipashwa hadi nyuzi 60 hutanuka kwa karibu robo tatu ya lita, na pale ambapo vali inazuia maji kurudi nyuma, ziada hiyo hudondoka. Matone wakati hita inapasha ni kazi yake. Haipaswi kuzibwa. Inayotiririka saa zote, hata hita ikiwa baridi, ndiyo yenye kasoro au inayopokea presha kubwa mno.

Kabla ya kufunga, fundi alichomoa fimbo nyingine ambayo wenye nyumba hawakujua kama ipo. Ni ya magnesi, na kazi yake ni kuliwa na maji badala ya tangi. Ilikuwa imebaki waya wa katikati tu. Akafunga mpya, akakaza boliti za flanji kwa kupishanisha pande ili gasketi ikae sawa, akafungua maji na kuacha bomba la moto wazi mpaka hewa yote ikatoka na maji yakamiminika bila kukohoa. Ndipo alipowasha. Koili inayowashwa ndani ya tangi tupu inaungua kwa dakika chache, na katika mji wenye mgao wa maji kosa hilo huwapata hata waangalifu. Mega ilikuwa imesoma zaidi ya omu milioni mia moja. Themostati akaiweka nyuzi 60: chini yake sana bakteria wanaweza kuishi ndani ya tangi, juu yake chokaa inaganda kwa kasi na maji yanaunguza ngozi ya mtoto kwa muda mfupi mno.

Akamwambia mama afungue tangi lisafishwe baada ya mwaka mmoja, si mitano, na ratiba ya baadaye itegemee ndoo itakayotoka: ikiwa ni kiganja cha vipande, ngoja miaka miwili; ikiwa ni robo ya ndoo, rudia kila mwaka. Wanaotumia maji laini ya mito ya milimani huweza kukaa muda mrefu zaidi.

Mama aliuliza kama ingekuwa nafuu kununua hita mpya. Fundi alipitisha tochi ndani ya tangi kupitia tundu la flanji na kumwonyesha rangi ya ndani, buluu nzito isiyo na alama ya kutu. Tangi la namna hiyo linastahili koili mpya. Lingekuwa na mistari ya kahawia kwenye maungio, au lingekuwa likitoa jasho la maji chini ya bati la nje, asingelifunga hata kwa kulipwa mara mbili, kwa sababu tangi lililotoboka halizibiki, na maji yanayovuja juu ya nyaya huikata breka ile ile kwa koili yoyote itakayowekwa.